Ikisiri ya Kiswahili isiyobadilisha hata namba moja: mwongozo kamili kwa mfano wa jaribio la FEAST

Kila msimu wa kuwasilisha tasnifu napokea ikisiri za Kiswahili za kusahihisha, na makosa ni yale yale. Kiswahili kinakuwa safi na sentensi zinateleza, lakini 12.0% imegeuka 12%, uwiano wa 1.44 umegeuka "mara 1.44 zaidi", na neno moja la kitakwimu limepewa tafsiri tatu katika aya moja. Mtahini akiweka ikisiri mbili kando kwa kando anaona tafiti mbili tofauti.

Mwongozo huu ni kwa mtu mwenye ikisiri ya Kiingereza iliyokwisha kukamilika, ya utafiti wa takwimu, anayetaka toleo la Kiswahili lenye namba zile zile, masafa yale yale na istilahi zinazolingana moja kwa moja. Nitatumia mfano mmoja tu toka mwanzo hadi mwisho: jaribio la FEAST, lililochapishwa mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine. Lilihusu watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waliolazwa katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania. Swali lilikuwa kama kuwamiminia maji mengi ya mshipani kwa haraka, ya albumini au ya chumvi, mara wanapofika kunawaokoa. Jibu lilishangaza wengi: waliomiminiwa walikufa zaidi.

Nimelichagua kwa sababu ikisiri yake ina karibu kila mtego ninaoukuta kwenye kazi za wanafunzi: makundi matatu, uwiano, masafa, thamani za P, na sehemu ya matokeo yenye namba karibu hamsini.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Ikisiri ya asili iliyo ya mwisho kabisa. Kama msimamizi wako bado anaichezea, subiri. Kutafsiri rasimu inayobadilika ndiyo njia ya haraka ya kubaki na namba za wiki iliyopita.

Matini ghafi, yaani faili la `.txt` lisilo na mapambo. Utahitaji mawili: `asili.txt` na `kiswahili.txt`.

Karatasi ya jedwali, au lahajedwali kwenye kompyuta. Kikokotoo cha simu kinatosha kwa hesabu zilizopo hapa.

Mtu wa pili kwa dakika kumi na tano. Si lazima awe mtaalamu wa takwimu. Anatakiwa tu kujua kusoma namba kwa sauti bila kuruka sifuri.

## Hatua ya 1: Safisha namba za asili

Nakili ikisiri ya Kiingereza kutoka kwenye PDF hadi `asili.txt`, kisha isome tarakimu kwa tarakimu ukilinganisha na ukurasa wenyewe. Usiiamini PDF. Baadhi ya majarida, Lancet likiwemo, huchapa nukta ya desimali ikiwa katikati ya mstari, `0·47` badala ya `0.47`. Kwa macho ni kitu kile kile, ila kompyuta inaona namba mbili, sifuri na arobaini na saba. Zibadilishe zote ziwe nukta za kawaida katika faili hili la kazi.

Hapa pia ndipo pa kuamua kuhusu nukta na mkato. Sisi wa Tanzania na Kenya tunaandika 10.6 kwa nukta, kama asili. Wenzetu wa Lubumbashi na Bujumbura waliosoma kwa Kifaransa huandika 10,6, na kompyuta iliyowekwa mipangilio ya Kifaransa inaweza kukubadilishia kimyakimya, hasa ukipitishia namba kwenye lahajedwali. Fuata asili: kama ina nukta, weka nukta.

Vivyo hivyo usiongeze mkato wa maelfu ambao asili haina. Ikisiri ya FEAST inaandika 3141, bila mkato. Ukiandika 3,141 ukidhani unamsaidia msomaji, yule wa Lubumbashi anaweza kusoma tatu na ushee.

Umefaulu hapa ikiwa kila namba katika `asili.txt` inafanana na iliyochapishwa, hadi sifuri ya mwisho.

## Hatua ya 2: Chora jedwali la namba kabla ya kutafsiri neno lolote

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayowaangusha. Namba peke yake haina maana. Ina maana ikiwa na mwenyewe. Kwa kila namba andika vitu vinne: namba, ni ya nani, inapima nini, na inalinganishwa na nini.

Chukua matokeo makuu ya FEAST, yaani vifo ndani ya saa 48:

| Kundi | Vifo | Idadi | Asilimia |
|---|---|---|---|
| Albumini | 111 | 1050 | 10.6% |
| Maji ya chumvi | 110 | 1047 | 10.5% |
| Ulinganisho (hawakumiminiwa) | 76 | 1044 | 7.3% |

Kisha ulinganisho wenyewe:

| Nani dhidi ya nani | Uwiano | Masafa ya 95% | P |
|---|---|---|---|
| Chumvi dhidi ya ulinganisho | 1.44 | 1.09 hadi 1.90 | 0.01 |
| Albumini dhidi ya chumvi | 1.01 | 0.78 hadi 1.29 | 0.96 |
| Mmimino wowote dhidi ya ulinganisho | 1.45 | 1.13 hadi 1.86 | 0.003 |

Sababu ya kazi hii ni muundo wa asili. Ikisiri ya Kiingereza haikuziandika namba hizi hivi. Ilitaja asilimia tatu mfululizo, kisha makundi matatu mfululizo, ikamwachia msomaji azioanishe kwa mpangilio. Sisi tuna neno la kufanyia hivyo, "mtawalia", na nakuomba usilitumie hapa.

Nina sababu. Miaka ya nyuma nilitayarisha muhtasari wa utafiti kama huu kwa ajili ya kikao cha wauguzi. Niliandika asilimia tatu, kisha makundi matatu, kisha "mtawalia", na katika kupanga upya sentensi ili iteleze nikalitanguliza kundi la ulinganisho. Namba sikuzigusa. Muuguzi mmoja wa wodi ya watoto akanyoosha mkono: "Kaka, hapa unasema wasiomiminiwa ndio waliokufa zaidi. Sasa tubishane na nani, wewe au utafiti?" Kila tarakimu kwenye karatasi ile ilikuwa sahihi, na karatasi nzima ilikuwa ya uongo.

Kabla ya kuliacha jedwali, lijaribu kwa hesabu mbili. Jumlisha idadi za makundi: 1050 na 1047 na 1044 ni 3141, ambayo ndiyo idadi ya watoto iliyotajwa kwenye asili. Kisha gawanya: 111 kwa 1050 ni 0.1057, inayokuwa 10.6% ikikadiriwa hadi desimali moja. Zikikubali, jedwali lako limekaa.

## Hatua ya 3: Fungia istilahi, neno moja kwa dhana moja

Kiswahili sanifu hakijakubaliana juu ya istilahi nyingi za takwimu, na hakuna atakayekukamata kwa kuchagua neno ambalo mwenzako hakulichagua. Utakamatwa kwa kubadilisha neno katikati ya safari. Kwenye insha tunasifiwa kwa kutorudia neno. Kwenye ikisiri ya takwimu, neno jipya humwambia msomaji kuna kitu kipya.

Basi andika orodha fupi, na kila dhana ya asili uipe neno moja. Hii ndiyo yangu kwa FEAST, pamoja na sababu zake.

Masafa ya uhakika. Wengi huandika "kipindi cha kujiamini". Kipindi ni cha muda, na kujiamini ni kwa mtu anayesimama mbele za watu bila kutetemeka. Hapa tunazungumzia umbali kati ya ncha mbili za namba, ndiyo maana nachukua "masafa". Ile 95 ni sehemu ya jina lake, usiidondoshe: masafa ya 95% na ya 99% hutoka kwenye data ile ile yakiwa na ncha tofauti.

Uwiano wa hatari. Hapa ndipo penye shimo kubwa. Tafiti za afya zina vipimo kadhaa vinavyofanana sura, na wanafunzi huviita vyote "hatari". Hatari ni waliofikwa na tukio, hapa kifo, wakigawanywa kwa wote: katika kundi la ulinganisho, 76 kwa 1044, yaani 0.073. Odi, neno lile lile la vijana wa kubeti, ni waliofikwa wakigawanywa kwa wasiofikwa: 76 kwa 968, yaani 0.079.

Tofauti inaonekana ndogo mpaka utafute uwiano. Uwiano wa hatari kati ya kundi la chumvi na la ulinganisho ni 1.44, kama FEAST ilivyoandika. Ukitumia odi kwenye watoto wale wale unapata karibu 1.50. Kwa hiyo anayeandika "uwiano wa odi ulikuwa 1.44" ameacha namba ilivyo na bado ametangaza matokeo ambayo hayapo. Na kama asili yako ina uwiano wa kasi ya tukio, ule wa tafiti zinazofuatilia muda hadi kifo, nao upe jina lake la tatu.

Kundi la ulinganisho. Wale waliopata matibabu ya kawaida bila kumiminiwa. Angalia usiwaite "wasiopata maji": walipata maji ya mshipani ya kawaida ya kuwaendesha, kama mwongozo wa tiba unavyotaka. Walichokosa ni ule mmimino wa haraka. Ndiyo maana pia siliiti tendo lenyewe "dripu" peke yake, maana dripu walikuwa nayo wote. Naliita "dripu ya haraka", na nimelibeba hivyo hivyo hadi mwisho.

Kwa nasibu. Jinsi watoto walivyogawiwa kwenye makundi. "Ovyo ovyo" na "bila mpangilio" ni tusi kwa watafiti, kwa sababu mgawanyo wa nasibu una mpangilio mkali sana.

Kufanana. Asili inasema hali ya malaria na ukali wa ugonjwa vilifanana kati ya makundi. Usiandike "vilikuwa sawa". Sawa ni sawa. Kufanana ni kukaribiana.

Orodha ikikamilika, soma ikisiri ya asili na kila unapokuta istilahi weka alama ya neno lako juu yake. Ukikuta dhana mbili zimepata neno moja, au dhana moja ina maneno mawili, bado hujamaliza.

## Hatua ya 4: Andika matokeo kwanza, ukitazama jedwali

Fumba ikisiri ya Kiingereza. Andika sehemu ya matokeo ukitazama jedwali lako na orodha ya istilahi tu. Ukiandika ukitazama Kiingereza, sentensi yako itafuata mgongo wake, na ndipo "mtawalia" hurudi.

Kanuni ni moja: jina la kundi likae karibu na namba yake. Kiswahili kinatupa nafasi ya kufanya hivyo bila kuchosha:

> Ndani ya saa 48, vifo vilikuwa 10.6% katika kundi la albumini (watoto 111 kati ya 1050), 10.5% katika kundi la maji ya chumvi (watoto 110 kati ya 1047) na 7.3% katika kundi la ulinganisho (watoto 76 kati ya 1044). Uwiano wa hatari kati ya kundi la maji ya chumvi na kundi la ulinganisho ulikuwa 1.44 (masafa ya uhakika ya 95%: 1.09 hadi 1.90; P=0.01), kati ya kundi la albumini na la maji ya chumvi, 1.01 (masafa ya uhakika ya 95%: 0.78 hadi 1.29; P=0.96), na kati ya dripu ya haraka ya aina yoyote na kundi la ulinganisho, 1.45 (masafa ya uhakika ya 95%: 1.13 hadi 1.86; P=0.003).

Tazama nukta pacha baada ya 95%. Bila hiyo, 95% na 1.09 zinagongana na jicho halijui moja inaishia wapi. Tazama pia "hadi" katikati ya ncha mbili. Kistari kinapendeza mpaka siku ncha moja iwe hasi, ndipo utakapoona -0.3--0.1 na kujuta.

Yafuatayo ndiyo yanayoharibu sentensi hizi mara nyingi.

*"Mara 1.44 zaidi."* Mtu akikwambia bei imepanda mara mbili zaidi, mnaweza kubishana jioni nzima kama ni mara mbili au mara tatu. Usiingize ubishi huo kwenye ikisiri. Uwiano wa 1.44 ni hatari ya kundi la kwanza ikiwa imegawanywa kwa ya kundi la pili, basi. Taja uwiano, taja makundi, taja namba.

*"Hatari iliongezeka kwa 44%."* Hesabu ni sahihi, lakini asili haikusema hivyo. Ukiandika 44% karibu na 10.5% na 7.3%, msomaji atatafuta tofauti ya 44 asiione, maana tofauti ya asilimia hizo mbili ni 3.2 tu. Unatafsiri, hukuitwa kukokotoa.

*"Asilimia 10.6%."* Chagua kimoja, neno au alama. Kwenye ikisiri yenye namba nyingi natumia alama. Na kumbuka kwamba si kila asilimia ni ya watoto: FEAST ilitumia albumini ya 5% na maji ya chumvi ya 0.9%, ambayo ni nguvu ya dawa ndani ya chupa. Ziandike zikifuata jina la dawa ili zisichanganyike na vifo.

*"Siku mbili" na "mwezi mmoja".* Asili ina saa 48 na wiki 4. Mwezi una wiki nne na siku za juu, na mtoto aliyefariki siku ya 30 hayumo kwenye hesabu ya wiki 4. Acha 48 na 4. Kuhusu "masaa", mtaani tunasema wote, mimi mwenyewe nikiwemo, ila hapa andika saa 48.

*Kukata sifuri.* Vifo vya wiki 4 vilikuwa 12.2% kwa albumini, 12.0% kwa maji ya chumvi na 8.7% kwa ulinganisho. Sifuri ya 12.0 inasema kipimo kilisomwa hadi desimali moja. Ile ya 1.90 inasema hadi desimali mbili. Ukizikata, umebadilisha usahihi uliotangazwa.

*Kukadiria P.* P=0.003 isigeuke P<0.05, wala P=0.96 isigeuke "P haikufaa". Iandike ilivyo, pamoja na alama yake. Kama asili ina `<`, weka `<`.

## Hatua ya 5: Hitimisho, na neno linalodanganya

Hitimisho la FEAST lina namba moja tu, ile 48, na bado ndilo linalopotoshwa zaidi. Asili inasema dripu ya haraka iliongeza vifo vya ndani ya saa 48, na inaweka kielezi cha kitakwimu, "significantly", kinachomaanisha kwamba tofauti hiyo imepita kizingiti cha jaribio la takwimu. Karibu kila mwanafunzi hukitafsiri "kwa kiasi kikubwa".

Hapana. Kiasi ni kiasi, na ushahidi ni ushahidi. Tofauti ndogo sana inaweza kupita kizingiti watu wakiwa wengi, na tofauti kubwa inaweza kukikosa watu wakiwa wachache. Utafiti huu huu una mfano. Katika kundi dogo la watoto wenye presha ya chini mno, walifariki 9 kati ya 13 waliopewa albumini na 9 kati ya 16 waliopewa maji ya chumvi, yaani 69% na 56%. Pengo hilo kwa macho ni pana kuliko lile la 10.5% na 7.3%. Lakini P yake ni 0.45.

Mimi huandika "tofauti yenye mashiko ya kitakwimu". Hoja yenye mashiko tunaijua wote: si lazima iwe kubwa, ila ina pa kushikia. Sentensi ikawa hivi:

> Dripu ya haraka iliongeza vifo ndani ya saa 48, kwa tofauti yenye mashiko ya kitakwimu, kwa watoto mahututi wenye mzunguko hafifu wa damu katika mazingira haya ya Afrika yenye uhaba wa rasilimali.

Usiache mkia wa sentensi. "Katika mazingira haya" ni mpaka uliowekwa na watafiti wenyewe, na ukiukata umeupeleka utafiti kwenye hospitali ambazo haukufika.

Neno "muhimu" nalo liogope. "Tofauti muhimu" inaweza kusomwa kama muhimu kwa mgonjwa, ambalo ni jambo lingine kabisa.

## Hatua ya 6: Acha kompyuta ihesabu

Sasa rudi ukaandike utangulizi na mbinu, ambavyo havina shida kubwa ukishafungia istilahi. Ikisiri ikikamilika, ihifadhi kama `kiswahili.txt` na ulinganishe namba za mafaili mawili. Kwenye Linux au Mac fungua dirisha la amri. Kwenye Windows tumia Git Bash:

```
grep -oE '[0-9]+([.,][0-9]+)*' asili.txt | sort > a.txt
grep -oE '[0-9]+([.,][0-9]+)*' kiswahili.txt | sort > k.txt
diff a.txt k.txt
```

Amri ya kwanza na ya pili zinachomoa kila namba na kuzipanga. Kupanga ni lazima, kwa sababu Kiswahili chako hakifuati mfuatano wa asili. Ya tatu inaonyesha zisizolingana.

Ukipata kimya, namba zote zipo na hakuna ya ziada. Ukiona hivi:

```
< 12.0
---
> 12
```

mshale wa kushoto ni asili, wa kulia ni wewe, na sifuri imekatika.

Namba ya ziada upande wako si lazima iwe kosa. Huenda umetaja saa 48 mara moja zaidi ili sentensi ieleweke. Kila iliyozidi ifuatilie hadi kwenye sentensi yake na uwe na sababu. Kama sababu ni kwamba "ilisikika vizuri", itoe.

Huna kompyuta? Chapa zote mbili, kalamu nyekundu mkononi, ukate kila namba ya asili pamoja na pacha wake. Kinachobaki bila kukatwa ndicho tatizo.

## Hatua ya 7: Tafuta ambacho kompyuta haioni

Lile kosa langu la kwenye kikao cha wauguzi lingepita `diff` bila kelele yoyote, maana namba zote zilikuwepo. Kompyuta imekuhakikishia kwamba hakuna namba iliyopotea, haijui kama zimekaa kwa wenyewe. Wala haioni `<` iliyogeuka `=`, wala alama ya hasi iliyodondoka.

Kwa masafa ya uwiano kuna hila ya hesabu ninayoipenda. Zidisha ncha mbili, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu linatakiwa kuwa karibu sana na uwiano wenyewe. 1.09 mara 1.90 ni 2.071, na kipeuo chake cha pili ni 1.439. Uwiano ulioandikwa ni 1.44. Safi. Kwa 0.78 na 1.29 unapata 1.003, na ulioandikwa ni 1.01, ncha zimekadiriwa, kwa hiyo kupishana kidogo namna hiyo ni kawaida.

Sasa tuseme ulibadilishana masafa, 1.01 ikapewa 1.09 hadi 1.90. Hata kabla ya kikokotoo jicho linakataa: 1.01 iko nje ya masafa yake yenyewe.

Hila hii ni ya uwiano tu. Kwa tofauti ya wastani au ya asilimia, jumlisha ncha mbili ugawanye kwa mbili. Na haitakusaidia kutenganisha 1.44 na 1.45, ambazo zimekaribiana mno. Hapo ni jedwali la hatua ya 2 tu.

Kisha mwite yule mtu wa pili. Yeye ashike jedwali, wewe ushike Kiswahili. Asome kundi kwanza, kisha namba: "chumvi dhidi ya ulinganisho, moja nukta nne nne, kutoka moja nukta sifuri tisa hadi moja nukta tisa sifuri." Msisitizie kila sifuri itamkwe. Anayesoma 1.09 kama "moja nukta tisa" amekusomea 1.9, na utaitikia kwa kichwa kwa sababu kuna 1.90 pale pembeni.

Mwisho muulize swali moja bila kumwonyesha asili: kundi gani walikufa wachache zaidi? Akijibu "wale ambao hawakumiminiwa" bila kusitasita, sentensi zako zinasema kile ambacho utafiti ulisema. Akirudi kusoma mara ya pili, tatizo si lake.

## Hatua ya 8: Rudia ukaguzi baada ya mpangaji kurasa

Wengi hukagua, hutuma, hulala. Mpangaji kurasa naye ana programu yake, na inaweza kukata mstari kati ya 95 na % au kurefusha kistari. Wahariri wengine, kwa nia njema kabisa, hubadilisha "masafa ya uhakika" kuwa neno wanalolipenda, mara moja tu, kwenye mstari wa pili.

Omba nakala ya mwisho kabla ya kuchapwa. Nakili ikisiri yako kutoka humo hadi `kiswahili.txt` mpya, endesha zile amri tatu tena, kisha tafuta kila istilahi ya orodha yako kwa kitufe cha kutafuta na uhesabu. Katika aya ya matokeo niliyoandika juu, "masafa ya uhakika" lazima yaonekane mara tatu na "uwiano wa hatari" mara moja. Yakipungua, mwandikie mhariri siku hiyo hiyo, umtajie mstari.